Nyuzi 66 Kwenye Fezi ya Njano

Breka haijui kwamba waya wake umelegea. Hilo ndilo ninalomweleza kwanza mwenye nyumba anaponiambia, "Fundi, hapa hakuna tatizo, mbona breka haijawahi kuruka?" Kazi ya breka ni kuangalia kiasi cha umeme unaopita ndani yake. Ukizidi kwa muda, inakata. Fezi na nyutro zikigusana, inakata papo hapo. Waya ulioshikwa nusunusu na skrubu hauongezi umeme hata kidogo. Heta ya bafuni itavuta ampea zake zilezile, taa zitawaka kama jana, LUKU itahesabu yuniti vilevile, na pale kwenye skrubu joto litazidi kupanda wiki baada ya wiki bila kifaa chochote kulalamika. Anayeweza kuligundua ni mtu aliyekwenda kulitafuta.

Nimeandika makala hii kwa ajili ya wenye nyumba za wageni hapa Dodoma na mafundi wenzangu wanaozihudumia, kwa sababu siku hizi wengi wamenunua kipimajoto cha infraredi, kile chenye umbo la bastola, na wengi wanakitumia saa mbaya, mahali pabaya, kisha wanaondoka wameridhika. Kifaa chenyewe ni kizuri. Shida ni kwamba namba inayotokea kwenye kioo haina maana yoyote ikiwa peke yake.

Tuanze na joto linakotoka. Umeme ukipita kwenye kiungo chenye ukinzani, joto linalozalishwa ni hili:

```
P = I² × R
```

Kiungo kilichokazwa vizuri kina ukinzani mdogo mno. Kikilegea, tuseme ukinzani umefika 0.006 ya omu, ambayo bado ni ndogo kiasi kwamba mita ya kawaida ya fundi haiioni. Pitisha ampea 30 hapo. Thelathini mara thelathini ni 900. Zidisha kwa 0.006, unapata wati 5.4. Volti zinazopotea ni 0.18 tu kati ya 230, kwa hiyo mgeni bafuni hataona tofauti yoyote ya maji. Lakini zile wati tano zimebanwa kwenye kipande cha chuma kisichozidi ncha ya kidole, ndani ya boksi lililofungwa. Shaba inaungua juu juu na kushika kutu nyeusi, plastiki ya waya inalainika, waya unatanuka ukipata moto na kusinyaa ukipoa, skrubu inazidi kupoteza mkazo. Ukinzani unapanda, na joto linapanda nao.

Sasa pitisha ampea 6 kwenye kiungo hichohicho kibovu. Sita mara sita ni 36. Zidisha kwa 0.006, unapata wati 0.2. Umeme umepungua mara tano, joto limepungua mara 25. Ubovu ni uleule, ila umejificha. Kwa hiyo kabla ya kuuliza boksi lina joto gani, uliza boksi limebeba mzigo gani wakati huu.

Hapa ndipo Dodoma inapokuwa na tabia yake. Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, na miezi hiyo nyumba za wageni hujaa kuanzia Area C hadi Kisasa na Ipagala. Juni hiyohiyo ndiyo baridi yetu inaanza kuuma. Wageni wote wana vikao asubuhi, wote wanataka maji ya moto, na wote wanaoga kati ya saa 11:30 alfajiri na saa 1 asubuhi. Heta ya papo kwa papo ya wati 3,500 inavuta ampea 15. Mbili zikiwaka pamoja kwenye fezi moja ni ampea 30. Ikifika saa 4 wageni wameondoka, kilichobaki ni friji ya vinywaji, televisheni ya mapokezi na pasi ya dada wa usafi. Na saa 4 ndiyo saa ambayo fundi anafika kukagua.

Ndivyo ilivyokuwa kwenye nyumba moja ya wageni ya vyumba 12, Area D, iliyoungwa umeme wa fezi tatu. Mama mwenye nyumba aliniita kwa jambo jingine, lakini dada wa mapokezi akaniambia kwamba asubuhi na mapema, akikaa karibu na ukuta wenye boksi, anasikia harufu kama ya samaki aliyeungua. Harufu hiyo mafundi wengi tunaijua, maana baadhi ya plastiki za vifaa vya umeme hunuka hivyo zikianza kuchomeka. Nikafungua boksi saa 4 asubuhi. Breka kuu ilikuwa ya ampea 63, yenye nguzo nne, nyaya zake bado za rangi za zamani: nyekundu, njano, bluu na nyutro nyeusi. Klampu mita ilionyesha karibu ampea 6 kila fezi. Kipimajoto kilisoma nyuzi 27, 28 na 27.

Ukisoma namba hizo bila kufikiria mzigo, utafunga boksi na kumwambia mama mambo safi. Nilimwambia, "Mama, naomba nirudi kesho alfajiri, wageni wakiwa wanaoga." Akacheka kidogo, akasema atamwambia mlinzi anifungulie geti.

Kabla ya kueleza ya alfajiri, niseme habari za kifaa, kwa sababu makosa mengi yanaanzia hapo.

Kwanza, vile vipimajoto vya paji la uso vilivyoenea wakati wa Korona havifai kazi hii. Vingi vinasoma joto la mwili tu, takriban nyuzi 32 hadi 43, na nje ya hapo vinaandika `Lo` au `Hi`. Unahitaji cha viwandani, kinachosoma angalau hadi nyuzi 300.

Pili, angalia ubavuni mwake pameandikwa nini kuhusu umbali. Vingi vya bei ya kawaida vimeandikwa `D:S 12:1`. Maana yake ukisimama sentimita 12 kutoka kwenye kitu, unapima duara la upana wa sentimita 1. Ukisimama nusu mita, duara linakuwa la sentimita 4 na zaidi. Breka ya nguzo moja ina upana wa karibu milimita 18. Kwa hiyo kutoka nusu mita unapima breka mbili na ushee kwa pamoja, na kifaa kinakupa wastani wao. Skrubu moja yenye nyuzi 80 ikizungukwa na plastiki ya nyuzi 30 inaweza kusomeka kama 40, na wewe ukaona sawa. Ile taa nyekundu ya leza nayo inadanganya, maana haionyeshi ukubwa wa duara, na ukikaribia sana inaelekeza pembeni kidogo ya mahali panapopimwa kweli, kwa sababu leza na jicho la kifaa haviko mahali pamoja. Sogea karibu kadiri usalama unavyoruhusu, halafu tembeza kifaa polepole juu na chini ukitafuta namba ya juu kabisa.

Tatu, na hili ndilo linalowapoteza wengi, kifaa hakipimi joto lenyewe. Kinapima mionzi inayotoka kwenye uso wa kitu, na nyuso hazitoi mionzi sawa. Kipimo cha utoaji mionzi kwenye vifaa vingi kimewekwa 0.95, kinachofaa plastiki, rangi, mpira na vitu vyeusi visivyong'aa. Chuma kinachong'aa kinatoa mionzi kidogo sana na badala yake kinaakisi joto la vitu vilivyo mbele yake, pamoja na uso wako. Jaribu jikoni. Chemsha maji kwenye sufuria ya alumini ambayo upande mmoja umeshika masizi na mwingine unang'aa. Hapa Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka karibu nyuzi 96. Elekeza kifaa kwenye masizi, kitasoma karibu na hapo. Elekeza kwenye alumini inayong'aa, utaona namba ya chini mno, pengine hata nusu haifiki. Sufuria ni moja na maji ni yaleyale.

Ndani ya boksi sufuria inayong'aa ni skrubu ya terminali, kichwa cha shaba, na ile baa ya nyutro ya shaba nyeupe. Skrubu yenye nyuzi 90 za kweli inaweza kukusomea 40 na kitu. Kwa hiyo usiipime skrubu. Pima plastiki ya waya, sentimita 2 tu kutoka pale inapoingia kwenye terminali. Shaba inasafirisha joto vizuri sana, hivyo terminali ikiungua waya unalibeba joto hilo kuja nje, na plastiki ya waya inalionyesha kwa uaminifu. Wapo wanaobandika tepu nyeusi juu ya chuma ili kipimo kiwe sahihi. Njia hiyo ni sahihi kwa chuma kilichozimwa umeme, ukaiacha tepu hapo na kupima baadaye. Kubandika tepu kwenye chuma chenye umeme ni kutafuta kifo.

Na kama kifaa kimeshinda kwenye dashibodi ya gari juani, kipe robo saa kipoe kwanza hadi joto la chumba. Futa lenzi pia. Vumbi letu la Agosti na Septemba linaingia kila mahali.

Basi, alfajiri. Nilifika wageni wa kwanza wameshaanza kuoga, nikasubiri zaidi ya nusu saa. Kusubiri huku kuna sababu. Waya mnene na breka kubwa havipati moto ghafla, na ukipima dakika tano baada ya mzigo kuanza utasoma chini ya ukweli. Kwenye korido palikuwa na baridi, nyuzi 17 hivi, ndani ya boksi 22. Nikavua kifuniko taratibu, saa na pete nimeshaviacha mezani, mlinzi akiwa nyuma yangu kuzuia mtu asinipite akanisukuma. Hapa niseme wazi: ukishavua kifuniko cha ndani umeme uko wazi mbele yako, na kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Mwenye nyumba ana njia yake nyingine, nitaieleza chini.

Klampu mita kwanza. Nyekundu ampea 31, njano 30, bluu 27. Kisha kipimajoto, kwenye plastiki ya kila waya, sentimita 2 kutoka terminali ya kuingilia. Nyekundu nyuzi 38. Bluu 35. Njano 66.

Tofauti ya nyuzi 28 kati ya fezi mbili zenye mzigo unaolingana. Rudi nyuma uone kwa nini saa 4 haikuonekana. Kutoka ampea 30 kwenda 6 ni mara tano, joto la ziada linagawanywa karibu kwa 25, na 28 gawanya kwa 25 ni nyuzi 1 na kidogo. Kifaa chenyewe kina kosa la nyuzi 2 kwenda juu au chini. Ile 28 niliyoisoma jana yake kwenye njano ilikuwa dalili kweli, lakini hakuna binadamu ambaye angeweza kuitofautisha na kosa la kifaa.

Hatua iliyofuata ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inatenganisha magonjwa mawili yanayofanana. Waya unaweza kuwa wa moto kwa sababu kiungo ni kibovu, au kwa sababu umebebeshwa kupita uwezo wake. Fuata waya uone joto linavyokwenda. Kwenye njano, sentimita 2 kutoka terminali palikuwa 66, sentimita 10 palikuwa 41, sentimita 25 palikuwa 33. Kwenye nyekundu ilikuwa 38, 35, 32. Waya uliozidiwa mzigo una joto linalokaribia kulingana urefu wake wote. Huu wa njano joto lake lilikuwa limejaa mwanzoni na kushuka haraka, hadi mbele kidogo ukalingana na wenzake. Moto ulikuwa pale kwenye terminali, na kubadilisha waya mzima uwe mnene zaidi kusingesaidia chochote.

Kuna ugonjwa wa tatu wa kuangalia hapo hapo. Kama terminali ya juu na ya chini zote zina joto linalolingana, na mwili wa breka katikati ndio wenye moto zaidi, basi tatizo liko ndani, kwenye vidole vya breka vinavyogusana. Hiyo hukazi skrubu yoyote, unabadilisha breka. Kwenye njano ya mama, terminali ya chini ilikuwa 45 tu.

Mama alikuja amejifunga khanga, akauliza swali la haki kabisa: "Fundi, 66 ni nyingi? Mimi sijui nyingi ni ngapi."

Jibu lake linahitaji uangalifu. Kiwango cha kimataifa cha breka ndogo, IEC 60898-1, kinaruhusu terminali ipande hadi nyuzi 60 juu ya joto la hewa, breka ikiwa imebeba mzigo wake wote inapojaribiwa. Hewa ya boksi ilikuwa 22, terminali imepanda nyuzi 44. Mtu akishika namba hiyo peke yake atasema imepita mtihani. Lakini breka hii ya ampea 63 ilikuwa imebeba 30 tu, chini ya nusu, na jirani zake kwa mzigo huohuo walikuwa wamepanda nyuzi 16 na 13. Ndiyo maana wakaguzi wanaofanya kazi hii kwa kamera za joto hupima kwa kulinganisha. Jedwali la NETA, chama cha wapimaji wa umeme cha Marekani, linasema vifaa viwili vya aina moja chini ya mzigo mmoja vikipishana nyuzi 1 hadi 3 pana jambo la kuchunguza. 4 hadi 15 pana uwezekano mkubwa wa kasoro, panga matengenezo. Zaidi ya 15, tengeneza mara moja. Kwa kipimajoto chetu cha mkono siamini tofauti ya chini ya nyuzi 5, lakini 28 haina mjadala.

Nikampigia mama hesabu mbili zaidi. Plastiki ya kawaida ya nyaya zetu, PVC, imekusudiwa kufanya kazi hadi nyuzi 70. Asubuhi ya Juni tulikuwa 66. Mchana wa Novemba korido hiyo ina joto la nyuzi kumi na zaidi juu ya lile la alfajiri hiyo, kwa hiyo mzigo uleule ungeivusha 70 bila shida. Na siku ambayo heta tatu zitawaka pamoja kwenye fezi ya njano, ampea zinakuwa 45. Kwa makadirio ya kanuni ileile ya juu, terminali ingevuka nyuzi 100. Breka ya ampea 63 ingekaa kimya kabisa, maana 45 ni ndani ya haki yake.

Tukasubiri wageni wamalize. Sasa hapa pana mtego unaoua mafundi. Terminali yenye moto ilikuwa ya upande wa kuingilia wa breka kuu. Ukizima breka kuu, upande huo bado una umeme, unatoka moja kwa moja kwenye mita. Bahati nzuri nyumba hii ina jenereta, na kabla ya boksi kuna swichi ya kubadilishia yenye nafasi tatu: TANESCO, sifuri, jenereta. Niliiweka sifuri, nikaifunga kwa kufuli na kuweka ufunguo mfukoni. Pasipo na swichi kama hiyo, lazima TANESCO waje wakate kwenye mita. Kuvunja lakiri yao si ruhusa na si salama. Kisha nikahakikisha. Mita ya volti niliijaribu kwanza kwenye soketi yenye umeme wa jenereta ndogo ya mlinzi, nikapima kila fezi na nyutro, kila fezi na ardhi, fezi kwa fezi, zote sifuri, nikarudi kuijaribu tena kwenye soketi ile. Mita inaweza kufa katikati ya kazi, na mita iliyokufa inasoma sifuri popote.

Nilipofungua skrubu ya njano haikuwa imelegea kwa namna watu wanavyodhani. Ilikuwa na mkazo. Lakini waya ulipotoka nikaona sababu: aliyeufunga aliuchuna plastiki kwa kifupi mno, kwa hiyo taya ya terminali ilikuwa imeuma nusu shaba, nusu plastiki. Siku ya kwanza mkono wake ulihisi imekaza kweli. Plastiki ikapata joto, ikalainika, ikajisogeza chini ya taya, na shaba ikabaki inaguswa tu. Sehemu ile ya plastiki ilikuwa ya kahawia na ngumu kama ukucha, na shaba imekuwa nyeusi.

Ndiyo maana siwaungi mkono wanaotembea na bisibisi na kukaza kila skrubu ya boksi kama dawa ya mwaka. Hapa ningekaza, skrubu ingejibu vizuri mkononi, na moto ungebaki. Na skrubu iliyokazwa zaidi ya kiasi inakata nyuzi za shaba au kupasua terminali. Waya ukionyesha joto, utoe nje uuangalie.

Nilikata waya hadi kwenye shaba safi inayong'aa na plastiki laini, nikauchuna kwa urefu unaolingana na kina cha terminali, nikahakikisha unaingia ndani ya taya na si nyuma yake. Kosa hilo la kuingia nyuma ya taya ni la kawaida, na kwa macho waya unaonekana umekaa. Taya ya breka ilikuwa na mashimo ya kuungua, kwa hiyo nikabadilisha breka kuu nzima. Chuma kilichopikwa hakirudishi ubanaji wake. Ubavuni mwa breka mpya palichapwa `3.5 Nm`, nami nikakaza nyaya zote kwa bisibisi yenye kipimo cha mkazo hadi hapo. Nyaya nyingine tatu nazo nilizikagua, mbili zilikuwa zimechunwa kwa urefu mzuri, ya bluu nikaichuna upya.

Alfajiri iliyofuata, mzigo ukiwa umeshatulia: nyekundu ampea 30, nyuzi 37, njano ampea 29, nyuzi 37, bluu ampea 28, nyuzi 36.

Kwa mwenye nyumba asiye fundi, kuna sehemu ya kazi hii unayoweza kuifanya bila kuvua kifuniko chochote. Fungua mlango wa boksi tu, maana ukipima mlango ukiwa umefungwa unapima mlango. Hata ule wa plastiki unaoona ndani, macho yanapita lakini mionzi hii ya joto haipiti. Saa ambayo nyumba ina mzigo mkubwa, pima uso wa kila breka kutoka sentimita 10 hadi 15, moja baada ya nyingine, uandike. Joto la terminali linafika usoni likiwa limepungua sana, kwa hiyo usitegemee kuona 66. Tafuta breka inayopishana na wenzake wenye kazi kama yake. Zilizo katikati ya safu huwa na joto kidogo kuliko za pembeni kwa sababu zinapashana, hiyo ni kawaida. Breka ya heta ya chumba cha tano ikiwa na nyuzi 8 au 10 zaidi ya ile ya chumba cha sita, na heta zote zinawaka, mwite fundi na umwonyeshe karatasi. Ukisikia harufu au mlio wa kukwaruza, au ukaona plastiki imegeuka rangi, usisubiri kipimo. Zima sakiti hiyo.

Na breka baridi usiihesabu kuwa nzima. Huenda heta yake haikuwaka asubuhi hiyo. Andika kwamba haikupimwa.

Nyutro ndiyo inayosahaulika. Kila ampea inayokwenda kwenye heta kwa waya wa fezi inarudi kwa nyutro yake, kwa hiyo skrubu za baa ya nyutro zinabeba mzigo uleule wa breka, lakini hakuna breka juu yake wala mtu anayeitazama. Baa yenyewe inang'aa, kipimajoto kitakusomea uongo, kwa hiyo pima plastiki ya kila waya mweusi unapoingia. Nyutro kuu ina ugumu wake: fezi tatu zikibeba mizigo inayokaribiana, umeme wa nyutro kuu unakuwa mdogo, na kiungo kibovu kinakaa baridi. Siku ikikatika, vyumba vya fezi yenye mzigo mdogo vinapata volti zinazoelekea 400, na televisheni na friji zinakufa kwa pamoja. Kwa nyutro kuu sitegemei kipimajoto. Nazima umeme, naufungua waya wake na kuutazama, na ndivyo nilivyofanya kwa mama siku ileile.

Karatasi ya vipimo imebandikwa ndani ya mlango wa boksi lake. Ina safu za tarehe, saa, joto la hewa, ampea za kila fezi na nyuzi za kila fezi. Mlinzi, ambaye alishika tochi muda wote na sasa anajua anachotafuta, ndiye anayejaza nyuzi za uso wa breka kila mwezi. Novemba nitarudi mwenyewe na klampu mita, mchana, viyoyozi vya vyumba vya juu vikiwa vimewaka, kwa sababu mzigo huo uko zaidi kwenye fezi nyekundu na bado sijaipima ikiwa na hewa ya nyuzi 30.